Tunauza futari, hatufuturishi

Wazee watano waliingia mgahawani saa 12 na nusu jioni, kofia zimenyooka, kanzu zinanukia udi. Nikawaamkia. Aliyetangulia akaitikia marahaba, akaketi, kisha akasema, "Tumeuona mwaliko wenu, binti. Mwenyezi Mungu awalipe."

Nikacheka nikijua ni heshima tu ya mtu mzima. Sikujua kwamba neno "mwaliko" alilimaanisha kama lilivyo.

Ilikuwa Machi 2025. Nilikuwa nikikaa kaunta ya mgahawa mmoja mdogo hapa Moshi, mitaa ya Soko la Kati. Meza 12, viti 48, na mimi ndiye niliyeshika simu ya mgahawa, kwa hiyo matangazo yote ya mtandaoni yalikuwa yangu. Bosi wetu ni mama wa Kichaga, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi. Jikoni tuna mpishi kutoka Tanga, mama wa makamo ambaye sote tunamwita Bibi ingawa hajafika umri huo. Mwaka huo bosi aliamua tuuze futari kila jioni kwa mwezi mzima. Mimi nikaambiwa niandike maneno ya kuweka chini ya picha.

Niliandika hivi, nikiwa nimejiridhisha kabisa:

"RAMADHAN KAREEM! Mwezi wa toba, rehema na baraka umewadia. Njooni tuwafuturishe kila siku saa 12:41 jioni. Uji, tende, mihogo, tambi, pilau, samaki/kuku, juisi na mengine mengi. Mgahawa wako pendwa hapa Moshi. Sh 25,000 tu! Piga simu uweke nafasi."

Ukiyasoma haraka hayana ubaya. Ndani yake kuna makosa manne, na yote yalinifikia mezani jioni moja.

La kwanza ni hao wazee. Walifuturu vizuri, wakaenda kuswali Msikiti wa Riadha, wakarudi, wakala pilau. Nilipopeleka bili ya sh 125,000, yule mzee aliigeuza kama mtu anayetafuta jina la mwenye barua. "Mwanangu, hii ni ya nani?" Nikamwambia ni ya meza yao. Akatoa simu ya mjukuu wake na kunionyesha picha ya tangazo letu. Maandishi yalikuwa yamekatwa baada ya "saa 12:41 jioni". Bei haikuonekana popote. Kilichoonekana ni Ramadhan Kareem, toba, rehema, baraka, na "njooni tuwafuturishe".

Mimi ni Mlutheri wa Kibosho Road. Nilidhani kufuturisha ni kumpa mtu chakula cha jioni mwezi wa Ramadhani, basi. Mzee akanieleza taratibu, bila hasira, na nadhani aliona aibu zaidi yangu. Anayefuturisha anawalisha waliofunga kwa kutafuta thawabu. Halipwi. Tajiri anafuturisha mtaa, kampuni inafuturisha wafanyakazi wake, jirani anafuturisha mayatima. Ukiandika "tuwafuturishe" halafu ukaleta bili, umefanya kama mtu aliyekualika harusini kisha akakudai hela ya pilau. "Kuuza futari ni halali," akasema. "Andika unauza."

Bosi aliifuta ile bili mwenyewe. Wazee walikataa kwanza, wakakubali baadaye, na walipoondoka mmoja aliacha sh 20,000 chini ya kikombe. Usiku ule nilibadilisha neno moja. Tangu hapo tunaandika "futari inapatikana" au "karibu ufuturu". Kufuturu ni kazi ya mgeni, anaifanya mwenyewe popote alipo, awe amelipa au hajalipa. Kufuturisha ni kazi ya mwenyeji. Herufi tatu zinazoongezeka pale mwishoni zilitugharimu laki na ishirini na tano.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Bosi alikuwa ameokota mahali fulani hadithi ya Mtume kuhusu ujira wa anayemfuturisha aliyefunga, akataka tuiweke juu ya picha ya kuku. Bibi alikataa katakata. Maneno yale ni ya anayetoa, sisi tunatoza. Isitoshe, picha ile tungeichapa pia kwenye karatasi za kugawa, na karatasi hizo zingeishia kufungia karanga sokoni. Hatukuiweka.

La pili ni saa.

Ile saa 12:41 niliitoa kwenye kalenda ya Ramadhani niliyotumiwa na binamu yangu anayeishi Dar es Salaam. Imechapwa vizuri, ina safu ya daku na safu ya futari, kila siku na dakika zake. Nikachukua dakika za Jumatano, Machi 5, nikaziweka kwenye tangazo. Jioni ya siku hiyo, saa ya ukutani ilipogonga 12:41, nikawaambia wahudumu wawatangazie wageni kwamba muda umefika. Tende zilikuwa tayari mezani. Mzee mmoja akanyanyua mkono kusikiliza adhana. Kijana wa meza ya pembeni, aliyetuamini, alikwishatia tende mdomoni.

Bibi akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Msile! Jua bado!"

Tulisubiri. Ukweli ni kwamba hata dirishani mwanga wa jua ulikuwa bado umekaa kwenye paa la jengo la ng'ambo. Adhana ya Riadha ilipopanda, saa yangu ilikuwa inasoma 12 na dakika 47 na kidogo. Yule kijana alikuwa amekula dakika sita kabla. Hakugomba. Alisema tu kwamba siku hiyo ataihesabu kuwa imemponyoka, na ataifunga tena baada ya Iddi. Kwa mtu aliyeshinda na njaa na kiu tangu alfajiri, nadhani ningependa anitukane.

Sababu nimekuja kuielewa baadaye, na si ngumu. Dar es Salaam iko mashariki zaidi yetu, kwa hiyo jua linawatupa mkono wao kwanza. Kila nyuzi moja ya kwenda magharibi kwenye ramani inachelewesha machweo kwa dakika 4. Kati ya Dar na Moshi kuna karibu nyuzi 2, hivyo ungetegemea dakika 8. Mwanzoni mwa Machi tofauti inapungua kidogo na kubaki kama 6, kwa kuwa Dar iko kusini zaidi na wakati huo wa mwaka mchana wao ni mrefu kidogo kuliko wetu. Arusha nao wako magharibi yetu, wanatufuata kwa dakika 2 hivi na ushei. Kwa hiyo kalenda ya Dar ukiitumia Moshi inakufuturisha mapema, na ukiitumia Arusha ni mapema zaidi. Kosa la upande ule ndilo baya. Ukichelewa dakika sita umepata njaa ya dakika sita. Ukiwahi dakika sita, funga ya siku nzima ina shaka.

Na hata ungekuwa na dakika sahihi za Moshi, zisingedumu. Kufikia mwisho wa Machi 2025 jua lilikuwa linatua kama saa 12 na dakika 38, karibu dakika 9 mapema kuliko siku ile ya Jumatano. Tangazo moja haliwezi kubeba dakika za mwezi mzima. Ndiyo maana maneno yetu ya pili hayakutaja dakika kabisa. Yalisema milango inafunguliwa saa 11:45 jioni, tunafuturu kwa adhana ya Magharibi ya Moshi. Saa ya kufungua milango ni yangu, naweza kuiahidi. Saa ya kufuturu ni ya jua.

Nilipoandika upya nilijifunza kitu pia kuhusu mistari ya kwanza. Instagram inaonyesha herufi kama 125 hivi, kisha inakata hadi msomaji abonyeze aone zaidi. Salamu yangu ya toba na rehema ilikuwa imezila karibu nusu. Watu hawabonyezi. Wanapiga picha ya kioo cha simu, wanairusha kwenye kundi la familia, na kundi linaamua kwa kile kilichoonekana. Basi vitu vinne lazima viwe ndani ya herufi hizo: ni kitu gani, kiko wapi, bei gani kwa nani, na nafasi inawekwa kabla ya saa ngapi. Ramadhan Kareem ikahamia kwenye picha yenyewe, kona ya juu, pamoja na namba ya simu. Namba hatukuitegemea kwenye maneno ya chini, maana mtu akirusha picha peke yake inabaki nyuma.

Kosa la tatu lilikuwa mpangilio wa chakula. Mimi niliorodhesha vyakula jinsi vilivyonijia kichwani, na jikoni wakavipakua vyote kwa pamoja, meza ikajaa. Inapendeza kwenye picha. Lakini aliyefunga hali hivyo. Adhana ikilia anakula tende, moja au tatu, anakunywa maji, anapiga uji moto kikombe kimoja, labda na sambusa, kisha anainuka kuswali Magharibi. Kwenda Riadha, kuswali na kurudi kulichukua robo saa na zaidi. Siku ile ya kwanza waliporudi, pilau ilikuwa imepoa, na mihogo ya nazi ilikuwa imefanya utando juu kama maziwa yaliyosahauliwa. Mteja mmoja alinionyesha kwa kijiko, "Dada, hii imelala?"

Haikuwa imelala. Ilikuwa imepakuliwa mapema.

Bibi akasema tugawe mara mbili, na tuandike mara mbili. Mkupuo wa kwanza ni wa adhana, wa pili ni wa baada ya swala. Kwenye tangazo tuliviandika kwa mistari miwili tofauti, na hapo hapo tukapata faida ambayo sikuitarajia: wageni walijua kwamba nafasi ya kuswali imehesabiwa. Hakuna aliyeinuka akiwa na wasiwasi kwamba akirudi atakuta sahani imeondolewa.

Swali lililofuata lilikuja kwa simu, mama mmoja wa Pasua. "Sawa, wanaume wanakwenda Riadha. Sisi na watoto wadogo tutaswali wapi?" Sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye tulihamisha makreti ya soda kutoka kwenye stoo ya nyuma, tukatandika mikeka, tukafunga pazia katikati, tukaweka ndoo mbili za maji na vikombe vya kutawadhia kwenye kibaraza. Ndipo nikaandika kwamba sehemu ya kuswalia ipo. Nisingeandika kabla, maana watu wangekuja na kuikuta stoo.

Kuhusu halali, kwa miji yetu hii huwezi kukaa kimya. Moshi na Arusha kitimoto kinauzwa kila kona, na sehemu nyingi za chakula zina friji la bia mlangoni. Mtu akiona jina la mgahawa asioujua anajiuliza kwanza hilo, na haya humzuia kupiga simu kuuliza. Sisi hatupiki kitimoto. Bia tulikuwa nazo, na bosi aliamua zikae stoo hadi mwezi uishe. Kuku na ng'ombe tulichukua kwa mchinjaji Muislamu, yuleyule wa siku zote. Tukaandika hayo matatu kwa sentensi mbili kavu, bila muhuri wala mapambo ya mwezi na nyota.

Kosa la nne ni ule mkwaju. Niliandika "samaki/kuku". Kwangu mkwaju ule ulikuwa "au". Kwa familia moja ya watu sita ulikuwa "na". Walipoletewa kuku peke yake waliuliza samaki yuko wapi, na kwa kweli hawakuwa na makosa, kwa sababu kwenye orodha ile vitu vingine vyote vilikuwa vinakuja pamoja. Tuliandika "chagua kimoja" kwa herufi kubwa. Tukaondoa pia "na mengine mengi". Hakukuwa na mengine mengi. Kulikuwa na kachumbari.

Lililotusumbua zaidi ni nafasi, na hapa nitakaa kidogo.

Jioni ile ya Jumatano watu 46 walikuwa wameweka nafasi kwa simu. Ukiondoa wale wazee, ambao hawakuweka, walikuja 29. Kumi na saba hawakutokea na hawakupiga. Kwa mgahawa wa kawaida viti vitupu ni viti vitupu tu, atakuja mwingine. Futari haiko hivyo. Wote wanakula dakika ileile, hakuna mteja wa saa 2 usiku atakayeziba pengo, kwani wengi wakishakula wanawahi Isha na tarawehe. Na vyakula vyenyewe havingoji. Kwa watu 46 Bibi alikuwa amemenya kilo 10 za mihogo na kukuna nazi 20. Nazi hapa hazioti. Zinatoka Tanga, na Ramadhani kila mtu anazitaka, kwa hiyo pale Mbuyuni bei inapanda kila wiki. Chakula kilichoungwa tui kikikaa na joto kinachacha. Bibi anakitambua kabla hajaonja: povu dogo pembeni ya sufuria, na harufu inayokata. Kufikia saa 4 usiku sufuria nzima ilikuwa imekwenda. Uji tuliwapa walinzi. Wale kumi na saba walikuwa na mauzo ya sh 425,000.

Bosi akasema kuanzia kesho kila mtu alipe nusu mapema. Bibi hakupenda. Alisema mtu aliyefunga anapanga jioni yake mchana, kwa kuangalia hali yake, na baba wa watoto wawili anayetaka kuwatoa siku moja asiwekewe geti. Anayeumiza si huyo. Nikafungua daftari kuangalia. Kati ya wale 17 ambao hawakuja, 12 walikuwa kundi moja, wafanyakazi wa ofisi fulani, walioweka nafasi kupitia mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa ameweka pia sehemu nyingine na wakaenda huko. Watano waliobaki walikuwa wawili wawili na mmoja. Bibi alikuwa sahihi.

Tukapanga hivi. Watu 1 hadi 4 hawalipi kitu mapema, ila wananiandikia ujumbe kabla ya saa 6 mchana kuthibitisha. Asiyethibitisha, nafasi yake naiachia. Watu 5 na zaidi wanaweka amana ya sh 10,000 kwa kila mtu kwa Lipa Namba ya mgahawa, na watu 10 na zaidi wanafanya hivyo siku moja kabla. Saa 6 mchana haikutoka hewani. Bibi anawasha jiko saa 8, na kabla ya hapo kijana lazima awe amekwenda Mbuyuni kuongeza mihogo na nazi kulingana na hesabu niliyompa. Ukimpa hesabu saa 9, nazi hazikunwi tena kwa wakati.

Ujumbe wa kuthibitisha niliuandika mara moja, nikawa naunakili: "Shikamoo/Habari. Nafasi yako ya futari leo: watu __. Wazima __, watoto __. Kuku __, samaki __. Tafadhali jibu NDIYO kabla ya saa 6 mchana." Ile sehemu ya kuku na samaki Bibi ndiye aliyeidai. Bila hiyo, kila meza ilikuwa inachagua samaki siku samaki ni wachache.

Likaja la anayechelewa njiani. Mtu ametoka Himo, basi limekwama Kiboriloni, adhana inalia. Nilikuwa nimeandika "meza inashikiliwa hadi adhana". Bibi akanisomea sauti ya juu ili nisikie jinsi linavyosikika. Mwenye meza ameshikwa na njaa barabarani, amefungulia maji ya chupa, anafika dakika kumi baadaye anakuta kiti kimepewa mwingine? Tukabadilisha: meza inamngoja dakika 30 baada ya adhana. Hasara yake ni ndogo, kwa kuwa katika dakika hizo nusu ya ukumbi iko msikitini.

Maneno yaliyokaa hadi mwisho wa mwezi yalikuwa haya:

"Futari Moshi mjini, karibu na Soko la Kati. Sh 25,000 mtu mzima, kodi imo. Weka nafasi kabla ya saa 6 mchana.

Milango wazi saa 11:45 jioni. Tunafuturu kwa adhana ya Magharibi ya Moshi.

Kwa adhana: tende 3, maji, uji wa pilipili manga, sambusa 2.

Baada ya swala: mihogo ya nazi, ndizi za nazi, tambi, pilau ya ng'ombe na kachumbari, juisi ya ukwaju glasi 1. CHAGUA KIMOJA: samaki wa kukaanga au kuku wa kuchoma.

Uji na mihogo tunakuongezea. Vingine ni sahani moja.

Watoto wa miaka 4 hadi 10 sh 12,000. Chini ya miaka 4 bure.

Watu 5 na zaidi: amana sh 10,000 kwa kila mtu. Watu 10 na zaidi: siku moja kabla. Ukighairi kabla ya saa 6 mchana amana inarudi yote. Meza inakungoja dakika 30 baada ya adhana.

Nyama imechinjwa na Muislamu. Hatupiki kitimoto, na mwezi huu hatuuzi pombe. Sehemu ya kuswalia ipo, wanaume na wanawake."

Ni marefu, najua. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za matangazo Arusha aliyacheka, akasema yanafanana na tangazo la mnada. Lakini simu zilibadilika. Zamani watu walipiga kuuliza bei, kuuliza kama kuna samaki, kuuliza tunafungua lini. Sasa walipiga kusema "tuko wanne, kuku watatu, samaki mmoja". Kati ya Machi 10 na 20 sikuwahi kukosa zaidi ya watu 4 kwa jioni moja.

"Kodi imo" iliongezwa baada ya mteja kuuliza kama tutamwongezea asilimia 18 kwenye bili. "Uji na mihogo tunakuongezea" iliongezwa baada ya vijana wawili kudhani ni bufee na kuomba pilau ya tatu. Kila sentensi pale ina mtu wake.

Moja liliongezwa karibu na mwisho. Kundi la watu 14 liliweka nafasi ya jioni ya siku ya 30 ya mfungo na kulipa amana ya sh 140,000. Nikapokea, nikaandika daftarini. Bibi aliona, akauliza, "Siku ya 30 umeiona wapi?" Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na hakuna anayejua hadi jioni ya 29 watu watazame juu. Mwezi ukiandama, kesho yake ni Iddi, na futari ya kumuuzia mtu haipo. Nilikuwa nimeuza jioni ambayo huenda isingekuwepo. Nikawapigia, nikawaeleza, na kwenye tangazo nikaongeza: "Nafasi za siku ya 30 ni kwa kuandama kwa mwezi. Ukiandama jioni ya siku ya 29, amana inarudi yote."

Uliandama. Taarifa ilipotoka nilikuwa bado nafuta meza. Nilimpigia kiongozi wa lile kundi kumwambia namrudishia pesa usiku uleule. Nyuma yake nilisikia kelele za watoto na mtu akipiga vigelegele. "Usirudishe, dada," akasema. "Muulize mpishi kama kesho mchana anaweza pilau ya watu 14 ya kubeba."

Nikaenda jikoni kuuliza. Bibi alikuwa amekwishavua aproni na kujitanda mtandio. Alinitazama, akatazama sufuria, akauliza kama nazi zimebaki.